Mtambo wa barafu unaofanya kazi, lakini thamani yake vitabuni imezidi ukweli

*"Shikamoo. Naandika hesabu za kampuni ndogo ya barafu hapa Likoni. Mtambo tuliununua Januari 2021 kwa shilingi milioni 24, tukaupangia miaka 12. Mwisho wa Desemba 2025 vitabuni umebaki milioni 14. Zamani tukiuza mabonge 400 kwa siku, sasa ni 240, tangu wenzetu ng'ambo ya kivuko waanze kuuza barafu ya vipande vidogo. Fundi anasema umebakisha miaka mitano tu. Dalali anatoa milioni 8. Bosi anasema mtambo unafanya kazi na utaleta milioni 13 kwa miaka hiyo mitano, kwa hivyo hasara haizidi milioni moja, na akiweka kompresa mpya mwakani itafutika yote. Mkaguzi anataka tuuteremshe. Nani yuko sawa, nikate kiasi gani, na je, kodi itapungua?"*

Marahaba, mwanangu. Mkaguzi yuko sawa kwamba mtambo lazima uteremshwe, na bosi wako yuko sawa kwamba bei ya dalali si neno la mwisho. Kwa takwimu ulizonipa, na nyingine ulizoniambia tulipozungumza kwa simu, kiasi cha kukata ni kama shilingi milioni 5.3. Nitakuonyesha kinavyopatikana, maana utaulizwa, na mwenye kuulizwa ni wewe wala si mimi.

Tuanze na hilo la "mtambo unafanya kazi". Hii ndiyo sababu ninayoisikia kila mara, na inatokana na kuchanganya mambo mawili. Uchakavu mnaoukata kila mwaka, shilingi milioni 2, ni mpango tu wa kugawa gharama. Mlikaa Januari 2021 mkasema: milioni 24, miaka 12, gawanya sawasawa. Mpango ule ulijengwa juu ya imani ya mabonge 400 kwa siku, na wenyewe hauna macho ya kuona kwamba soko limegeuka. Kwa hivyo kanuni za uhasibu zinaongeza swali la pili juu ya uchakavu: je, kile kilichobaki vitabuni bado mnaweza kukirudisha, ama kwa kuuza mtambo ama kwa kuendelea kuutumia? Kama hamwezi, tofauti ni hasara ya mwaka huu, hata kama kompresa inanguruma vizuri usiku kucha. Kwa kampuni kubwa kanuni hiyo ni IAS 36. Nyinyi mnaofuata kiwango cha kampuni ndogo na za kati mtaikuta sehemu ya 27, na kwa jambo hili hesabu ni ileile.

Swali hilo haliulizwi kila mwaka kwa kila mashine. Huulizwa panapokuwa na dalili, na nyinyi mnazo tatu zilizo wazi: mshindani mwenye bidhaa ambayo wachuuzi wa samaki wanaipenda zaidi, mauzo yaliyoporomoka, na fundi aliyepunguza umri wa mtambo kutoka miaka saba iliyobaki hadi mitano. Lakini hapa pwani nina tahadhari moja. Msiyapime mauzo ya barafu ya Julai kwa ya Januari. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mitumbwi hukaa ufukweni, na barafu haiendi hata kama mtambo ni mpya kabisa. Nilipokuwa kijana katika ukaguzi, nilikwenda kwenye kiwanda cha barafu mwezi wa Julai, nikaona sakafu kavu na foleni hakuna, nikaandika kwamba pana dalili nzito. Msimamizi wangu alinirudisha Desemba. Magari ya samaki yalikuwa yamepangana hadi barabarani. Tangu siku hiyo nalinganisha kaskazi na kaskazi, kusi na kusi. Nilikuuliza takwimu za kaskazi ya miaka mitatu na ukanipa, na zinashuka kila mwaka. Hiyo ni dalili ya kweli, si upepo.

Sasa hesabu yenyewe. Mnatafuta thamani mbili na kuchukua iliyo kubwa. Ya kwanza ni ile mtakayoipata mkiuza leo, baada ya kutoa gharama za kuuza. Ya pili ni thamani ya matumizi, yaani pesa ambazo mtambo utaleta mkiendelea kuutumia, zikipimwa kwa thamani ya leo. Huchukuliwa kubwa kwa sababu mwenye mali mwenye akili timamu angechagua njia yenye faida zaidi kwake. Na ikiwa moja tu kati ya hizo mbili imezidi milioni 14, kazi imekwisha, hamkati chochote, hata hiyo nyingine hamna haja ya kuikokotoa.

Upande wa kuuza ni mfupi. Dalali ametoa milioni 8. Mtambo ni lazima ung'olewe, gesi itolewe na fundi anayeijua, winchi ikodishwe, na dalali ana chake. Ulinipa jumla ya shilingi 800,000. Zinabaki milioni 7.2. Ningependa mpate bei ya pili na ya tatu, kwa sababu thamani ya soko ni bei ya muuzaji asiyelazimika kuuza na mnunuzi anayeelewa anachonunua, na dalali aliyesikia kwamba mna shida si mnunuzi wa namna hiyo. Ila hata angepanda hadi milioni 9, hatujakaribia 14.

Upande wa matumizi ndiko kwenye kazi, na ndiko bosi wako alikoteleza. Nimepanga mwaka 2026 kwa takwimu zako: mabonge 240 kwa siku, siku 300 za kazi, shilingi 150 kwa bonge. Hiyo ni milioni 10.8. Toa umeme milioni 4.4, mishahara milioni 1.5, matengenezo 700,000, maji 600,000 na kodi ya jengo 600,000. Inabaki milioni 3 kamili. Baada ya hapo ulikadiria kwamba faida hiyo itapungua 200,000 kila mwaka kadiri wateja wanavyohama, hadi milioni 2.2 mwaka 2030. Mwishoni chuma chakavu kitatosha tu kulipa gharama ya kuung'oa, kwa hivyo nimeweka sifuri. Ukijumlisha miaka yote mitano unapata milioni 13, na hiyo ndiyo milioni 13 ya bosi wako. Hakudanganya. Amejumlisha pesa za miaka mitano kana kwamba zote ziko mkononi leo.

Haziko mkononi. Mtu akikuahidi milioni 3 mwishoni mwa 2026, wewe leo huwezi kumpa milioni 3, kwa sababu pesa yako ingeweza kuzaa mahali pengine kwa mwaka mzima, na pia kwa sababu barafu inaweza isiuzike. Tukitumia kiwango cha asilimia 16, milioni 3 hizo leo zina thamani ya kama 2,586,000. Za mwaka wa pili, milioni 2.8, zinagawanywa kwa 1.16 mara mbili na kuwa kama 2,081,000. Zile milioni 2.2 za mwaka wa tano zinabaki kama 1,047,000 tu, chini ya nusu. Kwenye Excel, weka makadirio ya miaka mitano kuanzia B2 hadi F2 kisha andika:

```
=NPV(0.16,B2:F2)
```

Utapata 8,705,721. Fomula hiyo huchukulia kwamba pesa ya kwanza inaingia mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na ndivyo tulivyopanga, kwa hivyo usiianzishe kwenye seli ya leo. Tukikaribisha kwenye elfu, thamani ya matumizi ni 8,706,000. Imezidi milioni 7.2 za kuuza, kwa hiyo ndiyo tunayoichukua. Kitabuni ni 14,000,000. Hasara ni 5,294,000.

Tazama kwamba jibu linasema pia jambo ambalo bosi atapenda kulisikia: kuendelea kutengeneza barafu kunawafaa kuliko kumpa dalali mtambo. Kuteremsha thamani si kusema mtambo ufungwe.

Nirudi kwenye kompresa, maana naona ndiyo iliyompa bosi matumaini. Thamani ya matumizi hupima mtambo ulivyo leo. Matengenezo ya kuufanya uendelee kutoa mabonge 240 yanaingia kwenye hesabu, ndiyo maana nimeweka zile 700,000. Lakini kitu cha kuuongezea uwezo, ambacho bado hakijalipiwa wala kufungwa, hakiingii, si gharama yake wala mauzo yatakayotokana nacho. Nilipata jedwali lako la pili, lile lenye milioni 4.5 kila mwaka, na ndani yake mauzo ya kompresa mpya yamo huku bei yake haimo. Hata ungeiweka bei yake, jedwali hilo bado lisingefaa kwa Desemba 2025. Kompresa ikishanunuliwa na kufungwa mwakani, itaingia vitabuni kwa gharama yake, na hapo ndipo mtapima upya.

Kuna vingine vitatu ambavyo watu huviingiza na havitakiwi. Marejesho na riba ya mkopo wa benki viondoe kwenye jedwali, kwa sababu gharama ya pesa tayari imo ndani ya ile asilimia 16, na ukiviacha umeihesabu mara mbili. Kodi ya mapato iondoe pia, na kiwango nacho kiwe cha kabla ya kodi. Uchakavu usiuweke kabisa, kwa kuwa si pesa inayotoka mfukoni.

Kiwango cha asilimia chenyewe hakiko kwenye jedwali lolote la serikali. Mnaanza na kile ambacho benki ingewatoza leo kwa mkopo wa mashine kama hii na kile ambacho mwenye mtaji angetaka, kisha mnarekebisha kwa hatari ya biashara ya barafu. Benki yenu iliwapa bei ya karibu na 16 ndiyo maana nimeitumia. Ukishuka hadi 12, thamani ya matumizi inapanda hadi kama milioni 9.5, na hasara inabaki milioni 4.5. Kwa hiyo kiwango kinasogeza jibu, lakini hakilifuti. Mweleze mkaguzi jinsi ulivyokipata, na angalia usiadhibu hatari ileile mara mbili: kama umeshapunguza mauzo kwa sababu ya mshindani, usipandishe tena kiwango kwa sababu ya mshindani yuleyule.

Kwenye leja, andika upande wa gharama "hasara ya kushuka kwa thamani ya mtambo" 5,294,000, na upande wa pili uweke kwenye akaunti ya limbikizo la hasara hiyo, peke yake. Usiichanganye na limbikizo la uchakavu. Nimeona wahasibu wakiiita uchakavu wa ziada ili isionekane, na miaka miwili baadaye hakuna anayeweza kusema ipi ni ipi. Kwa kuwa mtambo haukuwahi kuthaminiwa upya kwenda juu, hasara yote inapita kwenye faida na hasara ya 2025. Kuanzia Januari 2026 uchakavu mpya ni 8,706,000 kwa miaka mitano, yaani 1,741,200 kwa mwaka.

Hilo la kodi nalijibu kwa ufupi: hapana, haitapungua kwa sababu ya maandishi haya. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikubali hasara ya kihasibu ya kushuka kwa thamani kama gharama. Katika hesabu ya kodi utairudisha yote 5,294,000, na utaendelea kudai posho za mitambo kwa mujibu wa jedwali la sheria ya kodi, kwenye salio la kikodi ambalo halijaguswa. Kinachobadilika ni kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ya baadaye inayotokana na tofauti kati ya thamani ya mtambo vitabuni na salio lake la kikodi. Ikiwa vitabuni mna deni la kodi iliyoahirishwa juu ya mtambo huu, litapungua kwa asilimia 30 ya hasara, kama 1,588,000, na kufanya hasara halisi baada ya kodi iwe ndogo kidogo. Ikiwa hesabu inageuka na kuwa mali badala ya deni, msiiandike mpaka muone kwamba mtapata faida ya kutosha kuitumia.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kubadilisha kila nilichosema. Mtambo wenu unajiuzia wenyewe: mteja anafika getini, analipa, anabeba bonge. Ndiyo maana tunaweza kuupima peke yake. Kama barafu ingekuwa inakwenda kwenye chumba chenu cha samaki na kinachouzwa ni samaki, mtambo usingekuwa na mapato yake. Mngelazimika kupima chumba, mtambo na vifaa vyote pamoja kama kundi moja, na kulinganisha jumla yao vitabuni na pesa ya samaki. Ni kama winchi ndani ya yadi ya makontena pale bandarini: anayelipa analipia kontena kuhudumiwa, halipii winchi. Uliniambia pia mna pikapu ya kupelekea hoteli. Ukiona hoteli ni sehemu kubwa ya mauzo na haziwezi kuhudumiwa bila pikapu, iweke pikapu ndani ya kundi, kwa thamani yake vitabuni upande mmoja na mafuta yake upande wa pili. Kosa la kuingiza mapato ya kundi zima na kulinganisha na mashine moja ndilo linaloficha hasara mara nyingi zaidi kuliko udanganyifu.

Na kama mambo yakigeuka? Tuseme kufikia Desemba 2027 mshindani amefunga na mabonge yamerudi. Kufikia hapo mtambo utakuwa vitabuni kwa 5,223,600. Mnaruhusiwa kurudisha hasara, tena mnatakiwa, lakini kuna dari: hamwezi kuvuka pale ambapo mtambo ungekuwa kama msingeuteremsha. Milioni 14 kwa miaka mitano ni uchakavu wa milioni 2.8 kwa mwaka, kwa hivyo baada ya miaka miwili dari ni 8,400,000. Hata thamani mpya ikiwa milioni 9.5, mtarudisha 3,176,400 na kuishia hapo kwenye dari. Wala msirudishe chochote kwa sababu tu miaka imesogea na zile pesa za mbali zimekaribia. Ni lazima soko au matumizi yenyewe yawe yamebadilika.

Kuhusu kumtafuta mtu ana kwa ana: kwa makadirio ya pesa hamhitaji mtaalamu wa nje, nyinyi mnaijua barafu yenu kuliko yeyote. Mahali ambapo ningelipia ni kwa fundi wa majokofu asiye wenu, aandike kwa mkono wake kama miaka mitano ni ya kweli, na aeleze hali ya kompresa na mabomba ya gesi. Umri huo ndio uliobeba hesabu nzima. Mthamini wa mitambo aliyesajiliwa mwiteni ikiwa bei za madalali zimetofautiana sana, au ikiwa kuna mbia anayetaka kutoka.

Na kabla bosi hajasaini hesabu, soma mkataba wa mkopo. Mikataba mingi ya benki huweka sharti kuhusu mtaji au uwiano wa deni, na milioni 5.3 kwa mpigo zinaweza kuwavusha mstari. Benki ikisikia kutoka kwenu mapema, kabla ya tarehe ya kufunga mwaka, kuna nafasi ya kuomba sharti lilegezwe kwa maandishi. Kwa kuwa Desemba imeshapita, nendeni wiki hii. Beba bili za umeme za miezi 36, daftari la mabonge la getini, barua ya fundi na hilo jedwali la miaka mitano. Lile la kompresa mpya liache ofisini.